Mota kupiga mluzi, draivu kujizima: keria, choki na kebo ya mita 85

"Tuna mota ya mashine ya kuchanganyia, kilowati 7.5, volti 400, ampia 15. Draivu inayoongoza mwendo wake iko chumba cha umeme na kebo yake ni mita 85. Wafanyakazi walilalamikia mluzi, fundi akapandisha keria kutoka kilohezi 4 hadi 12, mluzi ukaisha. Sasa ikifika mchana draivu inajizima kwa joto, mara nyingine inaandika hitilafu ya ethi, na mota ina joto kiasi kwamba huwezi kuishika. Tangu wiki hiyo tumekuwa tukiiendesha kwa hezi 20 badala ya 50. Tumeshauriwa tufunge choki kule kwenye mota. Je, choki itamaliza yote haya? Na ni keria inayoiunguza mota?"

Ndugu yangu, keria haiiunguzi mota yako. Inaichosha draivu, na inaisumbua kebo. Joto la mota lina chanzo kingine, nacho umekitaja mwenyewe bila kukitilia shaka: hizo hezi 20. Nitarudi hapo. Kuhusu choki, ni kifaa kizuri kwa kebo ndefu kama yako, lakini haitauondoa mluzi wala haitaipoza mota, na mahali mlipoambiwa muifunge sipo.

Tuanze na draivu inavyofanya kazi, kwa sababu malalamiko yako matatu yanatoka kwenye jambo moja. Draivu haitoi wimbi laini la umeme. Ndani yake umeme wa volti 400 hugeuzwa kwanza kuwa umeme mnyoofu wa volti zipatazo 565, kisha transista sita huukatakata vipande vipande, vingine virefu na vingine vifupi, ili wastani wake ufanane na wimbi la hezi 20 au 50. Keria ni idadi ya mikato hiyo kwa sekunde. Kwenye kilohezi 4 kila fezi hupokea mapigo 4,000 kwa sekunde, na kwenye kilohezi 12 hupokea 12,000. Kwenye skrini huandikwa `Carrier frequency` au `Switching frequency`, kutegemea mtengenezaji.

Koili za mota hulainisha mkondo, lakini hazimalizi kazi. Juu ya mkondo hubaki viwimbi vidogo vinavyofuata keria, na kila kiwimbi huvuta na kuachia chuma cha mota. Chuma kinatetemeka, ganda la mota linaitoa sauti hewani kama ngozi ya ngoma. Bahati mbaya sikio la binadamu husikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 2 na 5 hivi, ndiyo maana kilohezi 4 inaudhi sana. Fundi wako alipopanda hadi 12 alipata faida mbili kwa pamoja: sauti ilipanda hadi mahali ambapo sikio halina ukali, na viwimbi vyenyewe vikawa vidogo kwa sababu koili zilipata muda mfupi wa kuviacha vikue. Kwa hiyo mota ilipungukiwa na joto kidogo, haikuongezewa. Faida hiyo ya joto ni ndogo sana ukishavuka kilohezi 4, lakini mwelekeo wake ni huo. Wengi huamini kinyume chake.

Gharama ililipwa upande wa draivu. Transista hupoteza nishati kidogo kila inapowaka na kila inapozima. Ukizidisha mikato mara tatu, hasara hiyo nayo inakuwa mara tatu, na mabapa ya alumini pamoja na feni ya draivu ni yale yale. Fungua kijitabu cha draivu yako utafute jedwali au mchoro unaoonyesha mkondo unaoruhusiwa kwa kila keria. Utaona kwamba ampia zilizoandikwa kwenye kibati ni za keria ya chini, mara nyingi kilohezi 2 au 4, na kwamba zinashuka kadiri keria inavyopanda. Ikiwa draivu ilinunuliwa ya kilowati 7.5 kwa mota ya kilowati 7.5, basi kwenye kilohezi 12 ni ndogo kwa mota hiyo, hata kama hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana inastahimili asubuhi na kushindwa mchana chumba kikipata joto. Kuna draivu ambazo zikichemka hushusha keria zenyewe ili zijiokoe. Ukisikia mluzi uliokuwa umepotea unarudi polepole mchana, bila mtu kugusa chochote, jua draivu inajitetea.

Sasa tuje kwenye mita 85, ambazo kwangu ndizo zenye uzito zaidi katika barua yako.

Kila pigo la umeme lina ukingo mkali. Transista za kisasa hupandisha volti kutoka sifuri hadi 565 kwa muda wa maikrosekunde 0.1 hadi 0.2. Ukingo huo husafiri ndani ya kebo kwa takriban mita 150 kila maikrosekunde, yaani nusu ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo unafika kwenye mota yako baada ya maikrosekunde 0.57. Hapo unakuta mlango mwembamba. Kwa ukingo mkali namna hiyo, kebo inaonekana kama omu 80 hivi, ilhali koili za mota zinaonekana kama omu mia kadhaa au zaidi. Umeme unagonga na kurudi kama wimbi la maji lililofika ukutani, na pale linapogonga kimo chake huwa maradufu. Ukipima kwenye sanduku la nyaya la mota hutakuta volti 565 bali kilele kinachokaribia 1,130, pigo baada ya pigo. Na pale draivu inapopunguza mwendo wa mzigo mzito, volti ya ndani hupanda. Ikifika 700, kilele cha mota kinakaribia 1,400.

Kebo inahitaji kuwa fupi kiasi gani ili hili lisitokee? Zidisha mwendo wa ukingo kwa muda wake wa kupanda, ugawe kwa mbili. Kwa maikrosekunde 0.1 unapata mita 7.5, kwa 0.2 unapata mita 15. Wewe una 85. Kwako si suala la kuongezeka kidogo. Ukingo unapata nafasi ya kurudi kwa ukamilifu.

Angalia kwamba katika hesabu hiyo keria haimo. Kilele cha volti hakitegemei sana keria, kinategemea ukali wa ukingo na urefu wa kebo. Keria inaamua idadi ya vilele. Kwenye kilohezi 4, zamu moja ya saa 8 inaipiga kila fezi mara milioni 115. Kwenye kilohezi 12 ni milioni 345. Vanishi ya waya wa koili, ikipigwa na volti inayozidi uwezo wake, hutoa vicheche vidogo sana ndani ya vitundu vya hewa, na kila kicheche hula vanishi kidogo. Fundi wako hakuongeza ukubwa wa pigo, aliongeza kasi ya ulaji. Zaidi ya hapo, kwenye keria ya juu na kebo ndefu, pigo jipya linaweza kuwasili kabla mwangwi wa lile la kwanza haujatulia, na hapo kilele kinaweza hata kuvuka maradufu.

Kebo yenyewe pia ni kapasita ndefu. Nikichukua nanofaradi 0.2 kwa mita, mita 85 zinakuwa nanofaradi 17 kwa kila fezi. Draivu inalazimika kuijaza na kuimwaga kapasita hiyo kila mkato. Hesabu ya makadirio ni hii:

```
P = C × V² × f
17e-9 × 565² × 4000  ≈ 22 W
17e-9 × 565² × 12000 ≈ 65 W
```

Hiyo ni kwa fezi moja. Kwa fezi tatu umetoka kwenye wati 65 hadi karibu wati 195 za joto ambazo hazizungushi chochote, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye transista zile zile zilizokwisha kulemewa. Kila ukingo pia huchota mkondo wa ghafla wa takriban ampia 7, yaani volti 565 kwa omu 80, na sehemu yake hurudi kupitia waya wa ethi. Vihisi vya draivu vinauona mkondo huo unaotoka na haviuoni ukirudi kwenye fezi. Hapo ndipo inapoandika hitilafu ya ethi ilhali mota haina ubovu. Lakini usidhani hivyo kabla ya kupima. Nitaeleza jinsi ya kupima hapa chini.

Choki sasa. Ni koili tatu juu ya chuma kimoja, zinafungwa kwa mfuatano na nyaya zinazotoka kwenye draivu. Ya asilimia 3 kwa mota yako ina takriban omu 0.46 kwa hezi 50, ambayo ni milihenri 1.5 hivi. Kwa wimbi la kazi hilo ni jambo dogo, volti 12 tu zinakaa chokini ukiwa kwenye mzigo kamili, na kwa sababu ya tofauti ya pembe mota inapungukiwa na chini ya hapo. Lakini kwa viwimbi vya kilohezi 4 choki hiyo hiyo inakuwa omu 37, na kwa ukingo wa sehemu ya maikrosekunde inakuwa kizuizi kikubwa zaidi. Ukingo uliokuwa kama ukuta unakuwa kama mteremko. Ukipanda polepole, haupati nafasi ya kugonga na kujiongezea ukali ule, na koili za kwanza za mota hazibebi tena sehemu kubwa ya pigo peke yake. Mkondo wa ghafla wa kujaza kebo nao unapungua.

Kutokana na hilo utaona kwa nini choki inakaa kwenye draivu, mwanzoni mwa kebo, na si kwenye mota. Ukiipeleka mwisho, draivu bado inaijaza kebo yote ya mita 85 kwa ukingo mkali, na wimbi linagonga choki badala ya mota. Sasa vanishi ya choki ndiyo inayopigwa. Wengine huifunga upande wa kuingilia wa draivu. Choki ya kuingilia ina kazi yake kwa umeme wa gridi, lakini kebo ya mota haiitambui kabisa.

Na mluzi je? Hebu tukadirie. Koili za mota ya ukubwa wako zina uzuiaji wao wenyewe wa viwimbi unaofikia milihenri 10 hivi. Ukiongeza milihenri 1.5 umepunguza viwimbi kwa takriban asilimia 13, tofauti ambayo sikio halitaishangilia. Na choki yenyewe ina chuma, nacho kitaimba kwa keria ile ile, safari hii ndani ya chumba cha umeme.

Choki haikinzi kila kitu, na ni haki uyajue mapungufu yake kabla hujatoa fedha. Inalainisha ukingo, lakini kilele bado kinaweza kuvuka volti 565 kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu choki na kapasita ya kebo hucheza pamoja kama springi na uzito. Kwa mkondo unaokwenda ethi, choki ya kawaida ya fezi tatu husaidia kwa sehemu tu. Nayo ina keria yake ya mwisho, imeandikwa kwenye kibati chake. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako choki mpya ilikuwa ikitoa harufu ya vanishi baada ya wiki mbili. Mota ilikuwa salama, mkondo ulikuwa chini ya kiwango, kila mtu alilaumu choki kuwa ni ya bandia. Nilisoma kibati: keria ya mwisho kilohezi 4. Nikasoma skrini ya draivu: 12. Chuma cha choki kilikuwa kinachemshwa na viwimbi. Tulishusha keria, na baada ya saa mbili kamera ya joto ilionyesha joto la choki limeshuka kabisa. Koili yake ya katikati ilikuwa imeshabadilika rangi kuwa kahawia, tukaibadilisha kwa tahadhari.

Turudi kwenye joto la mota. Mota yako inapozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti yake. Kwenye hezi 20 feni hiyo inazunguka kwa asilimia 40 ya mwendo wake, na hewa inayopita kwenye mapezi inapungua vivyo hivyo. Kama ingekuwa pampu ya maji, mzigo nao ungeshuka sana pamoja na mwendo na mota ingepona. Mashine ya kuchanganyia kitu kizito haishushi mzigo. Inadai nguvu ile ile ya kuzungusha hata ikienda polepole, kwa hiyo mkondo unabaki karibu ampia 15 na joto la koili linabaki lile lile huku upepo umekwisha. Soma mkondo kwenye skrini ya draivu ukiwa hezi 20. Ukikuta 13 au 14, umempata mwizi. Dawa yake ni feni ya nje yenye mota yake ndogo, inayozunguka mwendo mmoja bila kujali mota kuu, au kubadilisha giaboksi ili mashine iende polepole mota ikiwa inazunguka haraka. Kushusha au kupandisha keria hakutaigusa shida hiyo.

Halafu mkono si kipimajoto. Huwezi kuushikilia juu ya chuma cha digrii 60, ilhali mota ya daraja F, ambayo koili zake zimeundwa kuvumilia digrii 155, inaweza kuwa na ganda la digrii 80 ikiwa kazini na isiwe mgonjwa. Pima kwa kamera ya joto au kipimajoto cha kugusa, uandike namba, ulinganishe hezi 50 na hezi 20 baada ya saa mbili za mzigo ule ule.

Ningekuwa hapo kwenu ningeanza leo kwa kurudisha keria kilohezi 4. Mluzi utarudi, na najua wafanyakazi watanuna, lakini draivu itapumua na hitilafu ya ethi yaelekea itapungua. Kisha ningetafuta kwenye menyu kama draivu ina keria ya nasibu, ambayo hutawanya mikato kidogo huku na kule. Sauti inageuka kutoka mluzi mwembamba kuwa mvumo kama wa hewa, na masikio mengi huikubali. Kilohezi 5 au 6 pia inaweza kuvumilika kama jedwali la mkondo linaruhusu.

Kuhusu kulinda mota, tafuta kwanza inavumilia nini. Mota iliyotengenezwa kwa ajili ya draivu kwa kufuata sehemu ya 31 ya kiwango cha NEMA MG 1 inatakiwa kubeba vilele vya takriban mara 3.1 ya volti iliyoandikwa kwenye kibati chake, kwa ukingo wa maikrosekunde 0.1 kwa mota za hadi volti 600, hata bila kinga. Mota ya matumizi ya kawaida, ile ya sehemu ya 30 ya kiwango hicho hicho, inahesabiwa kwa volti 1,000 na ukingo usio mkali zaidi ya maikrosekunde 2. Kama yako ni ya kawaida, au imewahi kukunjwa upya na hujui waya gani ulitumika, choki ni kiwango cha chini kabisa. Afadhali chujio la kulainisha ukingo, ambalo ni choki iliyoongezewa kapasita na rezista, maana hilo linakata na kilele.

Kama mnataka ukimya pamoja na kebo ndefu, kifaa cha kweli ni chujio la wimbi laini. Hilo linamaliza mikato yote kabla haijaingia kwenye kebo, na mota inadhani imeunganishwa na gridi. Ni kubwa, ni ghali, linakula volti zaidi ya choki, na lina sharti linalogeuza kila nilichosema: lina keria ya chini kabisa, si ya juu tu. Ukishuka chini ya hapo chujio linaanza kutikiswa na keria na linaweza kuungua. Draivu pia inabidi iambiwe kwenye mipangilio kwamba chujio lipo, na mara nyingi ichaguliwe kubwa zaidi kwa sababu ya keria hiyo.

Kuna njia moja inayopita zote ikiwezekana: hamisheni draivu iwe karibu na mota, kwenye kabati lisiloingiza vumbi, mita tano au sita. Kebo ndefu ikiwa upande wa kuingilia wa draivu haina tatizo lolote kati ya haya. Hapo choki haihitajiki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha hitilafu ile ya ethi si ya kweli. Zima umeme mkuu, ufunge kwa kufuli, usubiri muda ulioandikwa kwenye mlango wa draivu ili kapasita za ndani ziishe chaji, uthibitishe kwa mita kwamba hakuna volti. Fungua nyaya zote tatu za mota kwenye draivu, ndipo upige mega, kile kipimo cha kinga ya waya, kwenye kebo na mota kwa pamoja. Usipige mega kamwe nyaya zikiwa bado zimefungwa kwenye draivu, utaua transista. Kipimo kikiwa kizuri, bado hakikuhakikishii kila kitu, kwa sababu mega inapima kati ya koili na chuma tu. Ukingo mkali huharibu kati ya mzingo mmoja wa waya na mwingine ndani ya koili, mahali ambapo mega haioni.

Hapo ndipo pa kumwita mtu aje. Karakana ya kukunja mota yenye kipimo cha mapigo ya volti inaweza kuonyesha udhaifu huo kabla haujawa moto. Kilele halisi kwenye mota kinapimwa kwa osiloskopu yenye probu maalumu ya volti ya juu. Mita ya kawaida haikioni kabisa, wala asijaribu mtu asiye na vifaa hivyo. Mwite pia ukisikia beringi zinanguruma, kwa maana mkondo wa keria hupita shaftini na kuchora mistari kama ya ubao wa kufulia ndani ya beringi.

Na mota ikifa kabla ya hayo yote, mwombe fundi aifungue mbele yako. Koili zote zikiwa nyeusi kwa usawa, ilikufa kwa joto la hezi 20. Ukikuta koili ni safi, isipokuwa tundu moja dogo lililoungua karibu na pale waya unapoingia, zilikuwa ni zile mita 85.